"And I" kila mahali: jinsi "tu" ya Kiswahili ilivyonisafishia imeli zangu za ofisini

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisahihishwa mbele za watu. Nilikuwa nimeandaa imeli ya kwenda kwa mteja, inaanza "Me and my colleague have finished the report", bosi akaisoma kwa sauti kwenye kikao, akaishia hapohapo kwenye "Me and", akaniangalia juu ya miwani, akasema kijana, imeli ya ofisi haianzi hivyo, unaandika "My colleague and I", kisha akaendelea na ajenda nyingine kama vile hakuna kilichotokea. Zilikuwa kama sekunde kumi tu lakini mimi nilitembea nazo miaka miwili.

Na bosi alikuwa sahihi kabisa, hilo niseme mapema. Wenye lugha yao wanasema "me and my colleague went" kila siku wakiwa wanapiga stori, hakuna anayeshtuka, ila ukiiweka kwenye imeli ya kwanza kwa mteja usiyemjua ni kama umeingia kikaoni na ndala. Tatizo halikuwa alichosema, tatizo ni mimi nilichosikia. Yeye alisahihisha sentensi moja, mimi nikasikia sheria, kwamba "me" ni neno la mtaani na "I" ni neno la ofisini. Jioni ile nikafungua templeti zangu zote, zilikuwa saba, nikatafuta kila penye "and me" nikaweka "and I", na ile ya kufungia imeli ambayo nilikuwa naituma karibu kila siku ikawa hivi: "If you have any questions, please contact my colleague or I". Nikaiangalia nikaona imependeza, imevaa tai.

Kuna moja ilinitia aibu hata kabla sijajua kosa langu kubwa ni lipi, nayo ilitokana na kubadilisha kwa pupa. Baadaye kidogo kuna mtu aliniambia "and I" nyingine siyo sahihi, hakunieleza zaidi, basi nikageuza tena templeti moja kurudi "and me" yote kwa mkupuo mmoja bila kusoma. Ikatoka sentensi inasema "Please talk to my colleague and me will confirm the date". Imekwenda hivyo kwa mteja. Kumbe pale "and" haikuwa inaniunganisha mimi na mwenzangu, ilikuwa inaunganisha sentensi mbili, zungumza na mwenzangu, halafu mimi nitathibitisha tarehe. Nikarudisha zote kuwa "and I" nikaapa sitagusa tena.

Sasa siku ya siku. Kulikuwa na mteja tunamfukuzia mkataba, nikamwandikia ofisa wao wa manunuzi imeli ndefu, na kwenye punguzo la bei nikataka nionekane mtu wa karibu kidogo, nikaandika "Let's keep this discount between you and I". Nikatuma. Kesho yake jibu likaja, siyo kutoka kwake bali kutoka kwa meneja wake, maana alikuwa ameifowadi (jambo ambalo lenyewe ni somo kuhusu kuandika siri kwenye imeli, lakini tuliache), na meneja akaandika kwa upole kabisa, "Happy to keep this between you and me, and my team of course".

Mimi bwana nikacheka. Nikageuza kiti nikamwambia dada mmoja wa uhasibu tuliyekuwa tunakaa meza jirani, dada njoo uone, meneja mzima anaandika "between you and me", hawa watu hata shule hawakwenda. Yule dada alinizidi umri na alikuwa mtu wa maneno machache. Akasoma ya meneja, akashuka chini akasoma na ya kwangu, akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mdogo wangu, hebu niambie hilo kwa Kiswahili."

Nikamwambia, punguzo hili libaki kati yangu na wewe.

"Kati yangu," akasema. "Mbona hujasema kati mimi?"

Nikasema haiwezekani, kati inataka yangu, yako, yetu.

"Basi na Kiingereza hivyohivyo. 'Between' haitaki 'I'. Tena jaribu kutuweka sote wawili kwenye neno moja, utasema 'between we' au 'between us'?"

Nikakaa kimya. "Between we" hata mtoto hawezi kusema. Na kama ni "us" basi mimi peke yangu pale ni "me", kwa sababu "we" na "I" ni ndugu wa chumba kimoja, "us" na "me" ndugu wa chumba kingine. Kwa hiyo meneja alikuwa amenisahihisha kwa heshima, bila kusema amenisahihisha, na mimi nikawa nimemcheka.

Nitaeleza alichonifundisha yule dada kwa sababu ndicho kimenisaidia, siyo zile sheria za vitabu vya shule ambazo nilizikariri nikazisahau. Kwanza akaniuliza kwa nini sisi tunababaika sana hapa. Nikasema sijui, ugumu wa lugha. Akasema siyo ugumu, ni kwamba sisi neno "mimi" halibadiliki. Mimi nimemwita, ameniita mimi, "mimi" ni ileile, kinachobadilika ni kitenzi, anayetenda anakaa mwanzo na anayetendewa anakaa katikati. Kiingereza kitenzi chake hakibebi mzigo huo, "called" ni "called" tu, kwa hiyo mzigo umebebwa na neno lenyewe la mimi, likitenda ni "I", likitendewa au likifuata kihusishi kama "to", "for", "with", "between" ni "me". Zamani sana Kiingereza kilikuwa kinabadilisha hata majina ya kawaida kwa namna hiyo, siku hizi yamebaki haya machache, "I" na "me", "he" na "him", "she" na "her", "we" na "us", "they" na "them", na "who" na "whom" ambayo nayo wengi wameshaichoka.

Halafu akaniambia, kwa hiyo wewe tayari unajua jibu, liko kwenye kitenzi chako cha Kiswahili. Mkiwa wawili, wewe na mwenzako, Kiswahili kinawakusanya kwenye "tu". Angalia "tu" imekaa wapi. Ikiwa ndiyo inayotenda, imekaa mwanzo, tumepitia, tutakuja, tunaomba, hapo ni "my colleague and I". Ikiwa iko katikati, mtu mwingine anatenda na nyinyi mnatendewa, mmetualika, atatupigia, itatuathiri, hapo ni "my colleague and me". Na ikiwa imegeuka kuwa yetu au kwetu, kati yetu, kutoka kwetu, hapo pia ni "me".

Nilivyoielewa mimi, uzuri wake ni kwamba inakupa majibu tofauti kwa tukio lilelile. Tulialikwa kwenye kikao, "tu" iko mbele, "My colleague and I were invited". Mlitualika kwenye kikao, "tu" imeingia ndani, "You invited my colleague and me". Kikao ni kilekile, watu walewale, ila Kiingereza kinageuza neno kwa sababu anayeongoza kitenzi amebadilika. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo maishani mwangu pamoja na miaka yote ya kusomeshwa "subjekti" na "objekti".

Nikataka kujaribu papo hapo, na papo hapo nikakwama. Nikachukua "tuma", si ndo kitenzi cha imeli, nikasema alituma, naona "tu" katikati, kwa hiyo tumetendewa. Dada akacheka mpaka akatoa miwani. "Hiyo 'tu' ni ya tuma yenyewe, mdogo wangu, siyo nyinyi." Kweli, alituma ni yeye katuma kitu, sisi hatumo, tukiwemo inakuwa alitutumia. Kwa hiyo ukipima usitumie "tuma", kitakuchanganya, weka pigia au ita au alika.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi na uko kwenye sentensi ambazo imeli za kazi zimejaa, yaani maombi. "Please contact my colleague and ..." Kiswahili cha haraka ni tupigie. Ukiangalia "tu" iko mwanzoni kabisa, ukifuata kanuni kichwakichwa utaandika "I", na utakosea. Mbaya zaidi kuna maneno kama "tuite", ambayo yanaweza kuwa twende tukamwite mtu au yanaweza kuwa wewe utuite sisi, yameandikwa sawasawa. Dawa yake ni kumrudisha mtu anayeombwa, usiseme tupigie, sema naomba utupigie, naomba mtuite. Sasa "u" au "m" imekaa mbele kwa sababu ndiyo itakayofanya kazi, "tu" imerudi kwenye nafasi yake ya kutendewa, jibu ni "me". Yaani kila ukiona "please" kwenye imeli yako, weka "naomba u" kichwani kwanza kabla hujapima.

Kukanusha nako kusikutishe. Hatukupokea, kuna "ha" mbele lakini "tu" bado ndiyo mtendaji, "My colleague and I did not receive it". Hawakutupigia, wao ndio hawakufanya, "They did not call my colleague and me".

Basi siku ile nikafungua Sent, nikaandika kwenye kisanduku cha kutafutia maneno mawili ndani ya alama za kunukuu, "and I", na zikaja nyingi kiasi kwamba nilitaka kuifunga. Sikuzihesabu. Nilichukua ileile imeli ya mteja wa punguzo, kwa sababu ilikuwa na kila kitu, nikaipitia sentensi moja moja pembeni ya dada.

Ilianza "My colleague and I have reviewed your draft". Tumepitia rasimu yenu. "Tu" mbele, iko sawa, hii niliipata kwa bahati, au niseme kwa bosi. 

Ya pili, "Thank you for inviting my colleague and I to the meeting". Asanteni kwa kutualika. Hapa hakuna mtu mbele, kuna "ku", lakini "tu" imekuja baada yake na wanaoalika ni wao, siyo sisi. Kosa, ilitakiwa "my colleague and me". Hii ndiyo nilikuwa naiandika mara nyingi kuliko zote, maana shukrani huwa zinawekwa mwanzo wa imeli na mwanzo wa imeli ndipo mtu anapojikaza kuonekana msomi.

Ya tatu ilinisumbua kweli. "Please allow my colleague and I to present the new schedule on Monday." Kwa Kiswahili, naomba mturuhusu tuwasilishe ratiba mpya Jumatatu. Sasa "tu" ziko mbili! Mturuhusu, ndani, na tuwasilishe, mbele. Nikamwambia dada hapa kanuni yako imekufa, sisi ndio tutakaowasilisha, kwa hiyo ni "I". Akasema haijafa, Kiingereza kinakutaja mara moja tu, na kinakutaja wakati wa "allow", siyo wakati wa "present", kwa hiyo inayokutawala ni ile ya kwanza, mturuhusu. Jaribu umtoe mwenzako, akasema. "Please allow I to present." Nikaona aibu. "Please allow me to present", hiyo kila mtu anaijua, tena niliiandika mwenyewe mara ngapi nikiwa peke yangu. Kumbe nikiwa peke yangu nilikuwa sikosei, naharibikiwa pale tu ninapoongeza mtu.

Hiyo ya kumtoa mwenzako ndiyo njia ambayo walimu wengi wa Kiingereza wanafundisha, na ni nzuri, inafanya kazi karibu kila mahali. Toa "my colleague and", soma kilichobaki, masikio yatakuambia. Lakini kuna sehemu moja inakataa, na ndiyo hiyohiyo ya "between". Ukimtoa mwenzako inabaki "between I" au "between me", na zote mbili zinasikika za ajabu kwa sababu "kati" inataka watu wawili. Masikio hayana la kusema. Nadhani ndiyo maana "between you and I" imeshika watu wengi hata wanaozijua nyingine, na ndiyo maana kwenye hiyo lazima uende kwenye "us", au kwenye "kati yetu" yetu.

Ya nne ilikuwa "Any delay will affect your team and I". Kuchelewa kutatuathiri. "Tu" ndani, "me". Hii ilipita haraka. Iliyofuata ni ile templeti yangu ya kufungia, "please contact my colleague or I", na hapa dada mwenyewe akasema usitumie "tu", kwa sababu "au" haikusanyi watu, inawatenganisha, ni mmoja wenu. Kwenye "or" rudi kwenye kumtoa mwenzako, "contact I" hapana, "contact me" ndiyo. Imekwisha. Mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikiifunga kila imeli kwa kosa, na kisahihishi cha kwenye kompyuta yangu hakikuwahi kunipigia mstari hata siku moja, maana kila neno peke yake liko sahihi.

Nilijitetea kidogo. Nikasema basi mbona wakubwa wanasema. Na ni kweli wanasema, mwaka 1992 Bill Clinton akigombea urais wa Marekani aliwaomba wapigakura "Give Al Gore and I a chance", ambayo kwa kwetu ni mtupe nafasi, "tu" ndani kabisa. Wataalamu wa lugha wana jina la hili, ukilileta kwa Kiswahili ni kusahihisha kupita kiasi, mtu anakemewa utotoni kwa "me and" mpaka anaikimbia "me" hata pale inapotakiwa. Yaani yaliyonikuta mimi kwenye kikao wao yanawakuta shule ya msingi.

Na nilichokuja kukikuta baadaye kikanifurahisha zaidi, ni kwamba kosa hili lina umri na tena linatoka kwenye barua ya mfanyabiashara. Kwenye ule mchezo wa Shakespeare wa miaka ya 1590, uliotafsiriwa na Mwalimu Nyerere ukatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, yule tajiri Antonio anaambiwa meli zake zimepotea, na kwa deni aliloshindwa kulipa anatakiwa akatwe nyama ya mwili wake, anamwandikia barua rafiki yake Bassanio, na ndani ya barua kwenye Kiingereza chake anasema madeni yote yamefutika "between you and I". Mfanyabiashara, barua, madeni, na "and I". Nilimpelekea dada kwa ushindi. Akasoma akasema, "Sawa, lakini huyo alikuwa anasubiri kukatwa nyama, wewe unasubiri saini ya mkataba."

Ila lilinipa kufikiri. Kuna watu wanaosoma lugha kwa kina wanaosema kitu kilichoandikwa kwa zaidi ya miaka 400 na watu wenye elimu, na bado kinasemwa, hakiwezi kuitwa kosa tu, ni namna nyingine ya kusema. Mimi sina ugomvi nao. Kwenye mazungumzo sema upendavyo. Kwenye imeli ya kazi mimi naangalia hatari iko wapi, ukiandika "between you and I" kuna wasomaji watakunja uso, ukiandika "between you and me" watakaokunja uso ni wale tu waliokuwa kama mimi, na nakubali kwamba wapo, nilikuwepo. Kwa hiyo mara nyingi nakwepa vyote viwili naandika "between us", au kama ni kampuni na kampuni "between our two companies". Hakuna anayeweza kukunja uso kwa "us".

Kukwepa kuzuri ni huko, kuna kukwepa kubaya pia. Baada ya siku ile nilipitia kipindi cha kuogopa "I" na "me" zote, nikahamia "myself". "Please contact my colleague or myself." Inasikika kama imenyooshwa kwa pasi. Dada akaniuliza hiyo kwa Kiswahili ni nini, nikasema mimi mwenyewe. Akasema hapana, "myself" inakuja vizuri pale kitenzi chako kina "ji", nilijitambulisha, "I introduced myself", nimejinakilisha, "I copied myself". Kwenye nafasi ya kutendewa, lazima uwe wewe unayefanya na wewe unayefanyiwa. Kwenye kuwasiliana anayefanya ni mteja, hawezi kuwasiliana na "myself" yako. Kuna wengi wanaiandika na haitakufukuzisha kazi, lakini msomaji makini anaona moja kwa moja kwamba mwandishi alifika njia panda akaogopa.

Nyingine iliyonitoa jasho ni ya kumiliki. Nilitaka kusema uwasilishaji wetu, mimi na mwenzangu, nikaandika "my colleague and I's presentation". Nikaiangalia. Kuna kitu kinaniambia siyo lakini sikujua ni nini. Ukitaka kuinyoosha kwa sheria inakuwa "my colleague's and my presentation", ambayo ni sahihi na ni mbaya kama barabara ya mvua. Kiswahili kinasema nini? Uwasilishaji wetu. "Our presentation." Basi. Ukiona "etu" kwenye Kiswahili chako, wetu, yetu, letu, na inahusu kitu mnachomiliki, andika "our" uondoke. Kama mteja hajui huyo mwenzako ni nani mtaje kwenye sentensi iliyotangulia.

Mwisho kuna hili la nani atangulie, ambalo watu wanalichanganya na hayo mengine. Sisi tunasema mimi na mwenzangu, mimi na wewe, mimi kwanza, na hakuna anayeona ni majivuno, ndivyo lugha ilivyo. Kiingereza cha heshima kinapenda ujitaje mwisho. Lakini hiyo ni adabu, siyo sarufi. "Please copy me and my colleague" haina kosa la sarufi hata kidogo, naomba utunakilishe, "tu" ndani, "me" ni sahihi, ni vile tu umejitanguliza. Ila "Me and my colleague have finished" ina mambo mawili kwa mpigo, imejitanguliza na imeweka "me" penye tumemaliza. Bosi wangu siku ile alirekebisha yote mawili kwa sentensi moja, na mimi nikadhani ni jambo moja, ndiyo chanzo cha safari yote hii. Nikiangalia nyuma nadhani angesema tu "kwa sababu ni tumemaliza" ningepona palepale, lakini bosi naye sidhani kama alikuwa anajua kwa nini.

Najua hakuwa anajua kwa sababu miezi michache baadaye aliniletea rasimu ya mwaliko nimsomee kabla haujaenda kwa wateja wote. Mstari wa kwanza, "Please join the director and I for the launch". Naomba mjumuike na mkurugenzi na mimi. Nikaisoma mara tatu. Dada alikuwa meza ya pili, nikamwangalia, akainua nyusi akarudi kwenye hesabu zake, hakutaka kuingia. Sasa unamwambiaje mtu aliyekusahihisha mbele ya kikao kizima kwamba ametumbukia upande wa pili wa shimo lilelile? Sikumwambia. Nilifuta, nikaandika "Please join us for the launch", jina la mkurugenzi na la kwake nikayaweka chini pale penye saini, nikamrudishia.

Akasoma, akanyanyua kichwa. "Mbona umetutoa?"

Nikamwambia, "Mko chini hapo bosi, wote wawili. Juu nimefupisha tu."

Akasoma tena, akasema sawa, tuma.

Zile templeti saba nazo nilizimaliza wiki hiyo. Sita zilibadilika neno moja moja. Ile ya kufungia nikaifuta yote, siku hizi inasema "please contact us".